Jina Ukutani Miasenyi

Barua ilimfikia Wakesho mchana wa Ijumaa, akiwa anaanua nguo nyumbani kwa shangazi yake Kaloleni, Voi. Aliyeileta ni Donald, jirani yao wa Kasigau, ambaye alikuwa ameshusha magunia ya pojo sokoni.

"Mama yako amesema nikupe mkononi," Donald alisema. "Na usome yote kabla ya kumpigia simu."

Wakesho aliipokea bila furaha. Siku chache nyuma alikuwa amempigia mama yake, Tryphena, kumpa habari njema. Tangu amalize diploma ya famasi, akapita mtihani wa bodi ya wafamasia na kusajiliwa, alikuwa ametembea na vyeti vyake Voi nzima hadi viatu vikaisha soli, asipate kitu. Sasa kazi ilikuwa imekuja yenyewe. Bwana Hudson, mwenye duka la dawa kule Miasenyi, alitaka awe msimamizi wa duka kwa mwaka unaoanza Januari. Atie sahihi, apeleke picha na nakala ya cheti, na kila mwezi atatumiwa pesa. Si lazima aende kila siku. Hata asipoenda kabisa, si neno. Ila jibu lilitakiwa kufikia Jumatatu.

Alitarajia mama yake apige vigelegele. Mama yake alisema tu, "Nitakuandikia."

Sasa Wakesho alikaa kwenye kizingiti akaifungua barua.

"Mwanangu Wakesho," mama yake alikuwa ameandika, kwa zile herufi kubwa kubwa za mtu aliyeachia shule njiani. "Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Najua unachofikiria. Unafikiria shamba. Ni kweli, ndovu waliingia tena na mahindi hayakubaki hata ya kuchoma. Ni kweli mdogo wako Sylus anangoja karo. Lakini njaa ya nyumba hii ni yangu na baba yako. Usiichukue uende nayo kwa watu wa kazi, maana wataiona usoni pako na watakuajiri kwa bei yake.

"Sikwambii ukatae. Mimi sijui dawa. Nakwambia usiikimbilie kazi hii kwa sababu ndiyo ya kwanza. Huyo bwana anataka jibu Jumatatu. Muulize ni kwa nini. Muulize aliyekuwa hapo kabla yako yuko wapi. Kabla ya kumuuliza, nenda Miasenyi mwenyewe, ukae hapo dukani, utazame watu wakinunua. Ukiona ni mahali ambapo ungekubali mimi nitibiwe, tia sahihi na Mungu akubariki. Usipoona hivyo, rudi nyumbani kwa shangazi yako ulale. Sisi tutakula tutakachopata. Mama yako, Tryphena."

Wakesho aliikunja akaitia chini ya godoro. Alikasirika. Ni rahisi, alijiambia, kumwambia mtu asiikimbilie kazi wakati si wewe unayeulizwa kila asubuhi kama umepata kitu. Lakini Jumamosi aliamka akaoga, akapanda gari la Miasenyi.

Duka la Hudson lilitazama barabara kuu, kati ya hoteli ya nyama choma na mahali pa kuziba pancha. Nyuma ya kaunta alikuwa msichana wa rika lake aitwaye Mwende. Juu ya kichwa cha Mwende, ndani ya fremu, palikuwa na leseni ya duka na picha ya kijana mwenye tai.

"Huyo ni nani?" Wakesho aliuliza, baada ya kueleza kwamba Bwana Hudson alikuwa amempigia kuhusu kazi.

"Lewis. Anafanya kazi hospitali moja huko Taveta." Mwende alimsogezea kiti. "Mimi nimemwona siku aliyoleta hiyo picha tu. Mwaka huu ukiisha anatoa jina lake, ndio maana bosi anakutafuta haraka. Bila jina la mtu kama wewe, leseni haitoki."

"Na wewe ulisomea nini?"

"Mimi? Nilikuwa nauza M-Pesa hapo ng'ambo ya barabara." Mwende alisema bila kuona haya, kama mtu anayetaja kijiji chake.

Wakesho alikaa. Dereva wa lori alinunua vidonge vinne vya antibiotiki, akameza viwili papo hapo. Mzee mmoja alipewa dawa ya presha kwa kufananisha rangi ya tembe aliyoileta kwenye karatasi. Kisha akaingia mama aliyebeba mtoto mgongoni, akasema mtoto ana mafua na hajalala. Mwende akanyoosha mkono rafuni bila kuuliza lolote, akashusha chupa ya dawa ya maji.

"Mtoto ana umri gani?" Wakesho aliuliza.

"Miezi minane," mama akajibu.

Wakesho aliinuka. "Hiyo asipewe, Mwende. Ni ya waliopita miaka miwili. Mtoto mdogo hivi inaweza kumlaza mpaka ashindwe kupumua."

Mwende aliirudisha chupa polepole. "Huwa wanainunua," alisema kwa sauti ya chini. "Wanasema watoto wanalala vizuri."

Wakesho alimtazama mtoto, akamsikiliza kifua, akamwambia mama amsafishe pua kwa maji ya chumvi, aendelee kumnyonyesha, na akiona anapumua kwa shida amkimbize hospitali. Mama alishukuru akaondoka, akiwa amehifadhi pesa zake. Wakesho alirudi kwenye kiti. Alikuwa akiitazama ile fremu, akijiona mle ndani.

Bwana Hudson alifika adhuhuri. Alikuwa mtu mzima, mpole, na alimwagizia chai kabla ya kuanza kuongea.

"Nitakubali," Wakesho alimwambia, "lakini nataka niwe hapa. Nifungue mimi, nifunge mimi. Dawa zinazohitaji cheti cha daktari zikae kwa kabati, ufunguo niwe nao. Mwende anisaidie, nimfundishe. Na tuandikiane mkataba."

Hudson alikoroga chai yake.

"Binti yangu, mimi nahitaji jina. Nikikulipa mshahara wa kukaa hapa siku nzima, hili duka halitafika Juni. Wenzako wengi wanafanya hivi na wanaishi vizuri."

"Mtoto akidhurika hapa, nani ataitwa na bodi?"

"Hajadhurika mtoto hapa."

"Akidhurika."

Hudson alimaliza chai, akamtakia heri, na akamwomba asimcheleweshe kama atabadilisha mawazo. Hakubadilisha. Kabla ya wiki kuisha alisikia kwamba Ronald, ambaye alisoma naye darasa moja, ametia sahihi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Sylus alikosa muhula mzima. Tryphena aliuza mbuzi wake mmoja baada ya mwingine na hakutaja hilo kwenye simu. Wakesho aliambiwa na Donald. Ronald hakupatwa na lolote. Walikutana Voi akiwa na pikipiki mpya, akamwuliza bado anangoja nini. Siku hiyo Wakesho hakumpigia mama yake.

Mwezi wa tano, zahanati ya misheni kule milimani ilimchukua kushika zamu ya mfanyakazi aliyekwenda kujifungua. Mshahara ulikuwa mdogo, na kazi ilikuwa ya miezi tu. Lakini alikuwa akizitoa dawa kwa mkono wake, akimwuliza kila mtu umri wa mtoto wake.

Alipopata likizo alikwenda Kasigau. Alimkuta mama yake akipepeta kunde, akakaa naye chini wakasaidiana.

"Mama," alisema baadaye, "na kama nisingepata kazi kabisa?"

Tryphena alipuliza makapi yaliyobaki kwenye ungo.

"Usingepata," alisema. "Na mimi ningekuwa na deni kwako. Nililijua hilo nilipoandika ile barua."

Wakesho alitaka kusema kwamba hakuna deni. Badala yake alichota kunde nyingine akazimimina kwenye ungo wa mama yake, wakaendelea.