Chumba Namba Sita, Aprili Hadi Julai

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa nampigia baba simu. Nachemsha chai, nakunywa kikombe cha kwanza, kisha napiga. Ananiuliza kama nimekula, namuuliza kama maumivu ya miguu yamepoa, anasema yamepoa, tunaagana. Dakika nne hivi. Jumamosi ya tatu baada ya mazishi yake nilikuwa nimeshaishika simu mkononi, nimesahau kabisa kwamba hayupo, mara mlango ukafunguliwa bila hodi.

Alikuwa kaka yangu. Tumezaliwa wawili tu, na yeye kanitangulia miaka kumi na moja, kwa hiyo hajawahi kubisha hodi kwangu. Aliweka daftari nene mezani, pembeni ya kikombe.

"Kazi yako hii," alisema. "Wewe ndiye uliyesomeshwa mambo ya meza na kalamu."

Lilikuwa daftari la kodi la baba. Baba alikuwa na nyumba ya vyumba vinane, safari ya saa mbili kutoka tunapoishi. Cha kwanza alikaa mwenyewe, saba alipangisha. Kaka alikuwa ameshapata mnunuzi.

"Wakili anataka jedwali Jumatatu," alisema, akijimiminia chai yangu. "Kila mpangaji, kodi yake, miezi aliyolipa, malimbikizo, na amana aliyoweka. Mwisho wa hesabu ni Julai. Amana zitakatwa kwenye bei ya nyumba, maana mnunuzi ndiye atakayewarudishia wakihama. Malimbikizo ni yetu."

"Na wanaodaiwa watafanywaje?"

"Mwenye zaidi ya miezi mitatu anapewa notisi. Mnunuzi hataki kuanza na mizigo ya watu." Alifungua ukurasa mmoja, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Ila baba naye! Ona: Kinyozi. Fundi Redio. Mwalimu Mfupi. Hili ni daftari la kodi au la utani? Itabidi twende kesho ukawaulize majina ya vitambulisho. Mimi nitaendesha gari."

Mimi ni karani wa hesabu. Chuoni tulifundishwa kwamba anayenakili daftari la mtu hasahihishi wala hajazi mapengo. Kilichoandikwa unakihamisha kama kilivyo, usichokielewa unakitia alama na kukieleza kwenye safu ya maelezo, kisha unajumlisha kila mstari na kila safu ili hesabu zikutane pale chini kulia. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haihitaji mtu kuongea.

Daftari la baba lilikuwa rahisi kulifuata. Kila chumba kilikuwa na ukurasa wake. Juu kulikuwa na jina, kodi ya mwezi na amana. Chini yake miezi, na mbele ya kila mwezi tarehe ya kulipa, kiasi, na namba ya risiti. Vishina vya risiti, vile vipande alivyobaki navyo baba, vilikuwa kwenye bahasha, vimefungwa na mpira. Nililinganisha kishina na mstari, kishina na mstari. Mwalimu Mfupi alikuwa amelipa yote. Kwenye amana yake baba aliandika: *80,000, nimetoa 12,000 kioo cha dirisha, imebaki 68,000.* Kinyozi alidaiwa miezi miwili, 90,000. Fundi Redio alitoa 25,000 ya Juni badala ya 40,000, kwa hiyo alibakiza 15,000.

Kisha nikafika chumba namba sita. Jina: Mama Pasi. Kodi 40,000, amana 80,000. Alikuwa amelipa kila tarehe tatu bila kukosa, mpaka Machi mwaka jana. Kuanzia Aprili baba aliandika kiasi kilekile, 40,000, lakini hapakuwa na tarehe. Na pale penye namba ya risiti palikuwa na neno.

Mwandiko ulikuwa umeanza kulegea. Nilisogeza daftari dirishani na kusoma taratibu. Aprili: *hospitali*. Mei: *dawa*. Juni: *mashuka*. Julai: *kuogesha*. Agosti: *kuogesha*. Ikaendelea hivyo, mwezi baada ya mwezi, herufi zikizidi kutetemeka, mpaka Julai ya mwaka huu, miezi kumi na sita. Neno la mwisho lilikuwa limeandikwa kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi ikachanika kidogo. *Yupo.*

Nilitafuta vishina vya miezi hiyo kwenye bahasha nikijua havitakuwapo. Havikuwapo.

Kaka alisoma juu ya bega langu. Akajikohoza.

"Hizo si namba za risiti."

"Baba kaandika arobaini, arobaini, mpaka mwisho, kaka."

"Risiti iko wapi? Pesa iko wapi? Bila risiti hakuna malipo, wewe ndiye unayeyajua hayo kuliko mimi. Kumi na sita mara arobaini."

"Laki sita na arobaini," nilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu aliuliza hesabu na hesabu ndiyo ninayoweza kujibu.

"Andika."

Niliandika. Lakini kwenye safu ya maelezo nikayanakili yale maneno yote kumi na sita, kama yalivyo.

Jumapili tulifika kwa baba mchana. Kaka alibaki nje na simu zake, mimi nikapita mlango kwa mlango na karatasi. Kinyozi alikuwa ananyoa mtoto kibarazani.

"Jina kamili la nini, dada? Tangu nihamie humu hakuna aliyeliita. Hata mimi likiitwa sigeuki."

"Ni la wakili."

"Basi chukua. Na ile miezi miwili nalipa mwisho wa mwezi, mwambie kaka yako asinikunjie uso kule nje."

Mama Pasi nilimkuta mwisho wa korido. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye mikono mipana, anayefua na kupiga pasi nguo za watu. Pasi yake ya mkaa ilikuwa juu ya shati jeupe, na mashati mengine yalikuwa yananing'inia kwenye kamba juu ya kitanda. Chumba kilikuwa kile kimoja tu. Kazi, kitanda na maisha yake vyote vilikuwa humo.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo kitandani, usiogope kukunja shuka, nanyoosha mimi."

Nilikaa. Nilichukua jina lake na namba ya kitambulisho. Kisha nikamwonyesha ukurasa wake.

"Mama, kuanzia Aprili mwaka jana hakuna risiti."

"Hakunipa. Pesa nilimpelekea, akakataa. Alisema, mama, mwezi huu umeshalipa. Kila nikimwambia aache hayo, anachukua kalamu anaandika. Mimi macho yangu na kalamu haviivani, sijui alikuwa anaandika nini."

Nikamsomea. Hospitali, dawa, mashuka. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayehakiki orodha ya nguo za mteja. Nilipofika "yupo" aliacha kuitikia, mkono ukabaki palepale juu ya pasi. Harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua ikanifikia kabla hajainyanyua pasi.

"Huyu mzee," alisema. Aliligeuza shati, akalitazama, akaligeuza tena. "Huyu mzee jamani."

Nilitaka kumwuliza kwa nini hakutupigia simu. Nadhani alilisoma swali usoni mwangu.

"Alinikataza. Alisema mna kazi zenu, msihangaishwe. Wewe ukipiga, alikuwa anataka nimkalishe kwanza, nimwegemeze mto, usimsikie anavyohema. Ndipo anapokea." Alitabasamu. "Ukikata ananiambia, kitindamimba wangu kaniuliza miguu."

Niliangalia sakafu.

"Nasikia mtu mpya anakuja," alisema. "Atatuacha tukae?"

Ndilo swali pekee aliloniuliza, na sikulijibu. Nilimshukuru, nikatoka na karatasi zangu.

Kwenye gari nilimwambia kaka kwamba baba alikataa pesa za Mama Pasi. Nililisema hilo tu, na nililisema nikitazama nje. Tulipofika kwenye nyumba ya wageni, tuliyopanga kulala kungojea Jumatatu, aliomba kompyuta yangu yenye jedwali. Alifuta safu yote ya maelezo, ya Mwalimu Mfupi na kioo chake, ya Fundi Redio, ya wote.

"Wakili anataka tarakimu," alisema. "Hataki hadithi. Hospitali tulilipa sisi mwishoni, jeneza tumelipa sisi, au umesahau nani alikopa?"

Kweli alikuwa amekopa. Kaka si mtu mbaya. Nilimwona usiku ule akiwa amekaa na daftari kwenye mapaja, halifungui, analipapasa jalada kwa kidole gumba.

Jumatatu asubuhi wakili alitukaribisha ofisini kwake. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mikubwa, na alilipitia jedwali kwa kalamu, mstari kwa mstari. Mnunuzi alikuwa amekaa pembeni amekunja mikono.

"Kazi safi," wakili aliniambia. "Hesabu zinakutana. Jumla ya malimbikizo laki saba arobaini na tano elfu. Sehemu kubwa ni ya chumba namba sita."

"Huyo apewe notisi leo," mnunuzi alisema. "Miezi kumi na sita! Mzee alikuwa na moyo huyo."

"Atapewa." Wakili aligeuza karatasi, akaisogeza mbele yangu na kuweka kalamu juu yake. "Aliyenakili anasaini hapa. Soma kwanza."

Nilisoma. *Ninathibitisha kwamba jedwali hili ni nakala kamili na ya kweli ya daftari la mwenye nyumba.* Chini yake mstari mtupu.

Niliishika kalamu. Daftari lilikuwa limewekwa kwenye kona ya meza, limefungwa. Kaka alikuwa akinitazama, na nilijua anachoniomba, kwa sababu tangu utoto huniomba kitu kilekile, nami humpa. Ninyamaze.

"Kuna tatizo, dada?" wakili aliuliza.

"Hakuna tatizo," kaka alisema. "Ana aibu tu, ndivyo alivyo. Saini, mdogo wangu, tusiwapotezee watu muda."

Niliiweka kalamu mezani. Nililivuta daftari, nikafungua chumba namba sita, nikaligeuza ili wakili asome. Alivua miwani, akaivaa tena. Kidole chake kilishuka kwenye safu ya risiti, taratibu, mpaka chini.

"Haya ni nini?"

"Ni risiti," nilisema. "Kila mwezi kiasi kimeandikwa, arobaini elfu. Baba alipokea. Siwezi kusaini kwamba hakupokea."

"Tuliongea hili," kaka alisema kwa sauti ya chini.

"Uliongea wewe, kaka. Mimi sikusema."

"Basi sema!" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Sema, kila mtu asikie!"

Nikamgeukia yeye. Haikuwa kwa ajili ya wakili wala mnunuzi.

"Mama Pasi hadaiwi. Alimuuguza na kumwogesha baba yetu, miezi kumi na sita. Ilikuwa zamu yetu, kaka, na hatukuja. Mimi sikuja. Na wewe hukuja."