Kiganja Kilikuwa Upande Gani

Daktari wa zamu alikuwa na mwezi wa tatu tu kazini, na kichwa kilikuwa kimemvurugika. Picha ya eksirei ilisema hivi, mkono ukasema vile.

Mwenye mkono alikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima aliyeteleza kwenye ngazi za dukani kwake akavunjika kifundo cha mkono. Sindano ya ganzi ilikuwa imeshamwingia. Muuguzi alimshika kiwiko, tayari kwa kuvuta.

Kwa simu, Bosi wa Mifupa, daktari bingwa wa idara hiyo, alikuwa ameuliza swali moja tu: "Kipande cha upande wa vidole kimeenda wapi ukilinganisha na mfupa uliobaki?"

"Kimesogea nyuma, upande wa mgongo wa mkono, milimita nne. Kimeinamia hukohuko, nyuzi ishirini."

"Basi ni ule wa kawaida. Mvute, kisha usukume kuelekea kiganjani, ufunge plasta."

Kazi rahisi, wallahi. Lakini daktari aliukodolea macho mkono ule akakosa amani. Mvunjiko wa kawaida huacha kinundu juu, mgongoni mwa mkono. Huu ulikuwa umevimba kila mahali, na kinundu, kama kipo, kilikuwa chini, kiganjani. Au uvimbe unamdanganya?

"Shangazi, hebu niambie tena. Uliangukaje?"

"Chali, mwanangu. Mkono umekunjika chini yangu, ngumi imejikunja kwa ndani. Nilishakwambia."

Alishamwambia kweli. Daktari hakusikia, maana picha ilikuwa imeshaamua. Akarudi kwenye kisanduku cha taa, picha ilipotundikwa, akasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Siku zote mpiga picha ndiye aliyezitundika, na picha ya ubavuni aliiweka kiganja kikiwa kushoto. Leo mpiga picha alikuwa na foleni, akamkabidhi picha mkononi. Nani kaitundika?

Yeye mwenyewe. Kwa haraka, bila hata kuangalia.

Akatafuta mfupa wa dole gumba, kwani ukiutazama mkono ubavuni dole gumba hukaa mbele, upande wa kiganja. Ulikuwa kulia. Kushoto, alikokuita kiganja, kulikuwa mgongo wa mkono, na kipande kilikuwa kimesogea kiganjani. Angevuta na kusukuma kuelekea kiganjani, angekipeleka palepale kilipokimbilia.

"Mwachie kiwiko," alimwambia muuguzi, akapiga simu. "Bosi, nimekosea. Nilitundika picha kinyume. Kimesogea na kuinamia kiganjani."

"Umeshavuta?"

"Bado."

"Usivute. Huo hautulii ndani ya plasta. Mfunge banzi la muda, mlete kwangu, huenda akahitaji chuma cha kuushikilia mfupa."

Fundi alikuwa akisikiliza yote. "Umekosea nini, mwanangu?"

Uongo mdogo ulimjia daktari mdomoni, tena mzuri. Akaumeza.

"Nilikuwa karibu kukuharibu mkono, shangazi."

Fundi akautazama mkono wa kushonea, kisha akamtazama yeye. "Huyo bosi wako," akasema, "atanitibu yeye mwenyewe?"