Saruji ya Mkwe

Ujenzi una desturi zake, na desturi ya malipo ndiyo inayoweka watu pamoja au kuwatawanya. Pale Palma, kwenye kiwanja cha Bi Zainabo aliyekuwa akijenga duka na vyumba vya kupangisha, mapatano yalikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Fundi metikali mia sita kwa siku, kibarua mia tatu. Mestre, yaani fundi mkuu, anapata mia sita zake kama fundi yeyote, na juu yake mia mbili za umestre, kwa sababu yeye ndiye anayetafuta watu, anayepima, anayegombana na patroa mwenye kazi, na anayebeba lawama ukuta ukipinda. Saruji, mchanga na matofali ni vya patroa. Maji ya kununua, misumari na waya ni juu ya mafundi: mestre ananunua kwa fedha yake, kisha Jumamosi anakata kwa wote, fundi sehemu mbili, kibarua sehemu moja. Na saruji ikiharibika mikononi mwao, patroa anaikata kwenye malipo yao. Hapo mestre Tarique mwenyewe ndiye aliyeweka sheria, tena kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa: aliyeharibu ndiye atakayelipa.

Sheria nzuri hiyo. Kasoro yake moja tu, haikuuliza aliyeharibu ni nani wako.

Kikosi kilikuwa cha watu wanne. Tarique, na fundi mwenzake Faquir, mtu wa maneno machache na matofali mengi. Kibarua mmoja alikuwa Edmilson, Mmakonde kijana aliyeshuka kutoka bara na mkewe Natália, wakapanga chumba nyuma ya soko. Kibarua wa pili alikuwa mzee Sualehe, na mzee Sualehe alikuwa baba yake Alima, na Alima alikuwa mke wa Tarique. Zamani mzee alikuwa na duka lake la nguo. Vita vilipopita havikuacha hata mlango. Alipokuja kuomba kazi ya koleo hakumwomba mkwewe, alimwomba Faquir, na Faquir akamwambia Tarique, na Tarique akakubali huku akitazama pembeni. Angefanyaje? Kumnyima mkwe kazi ni aibu, na kumpa koleo ni aibu nyingine.

Basi wakaishi kwa adabu, na adabu ile ilikuwa kazi ngumu kuliko ujenzi. Tarique hakumwagiza mzee neno. Akitaka mchanga uongezwe, alimwambia Edmilson, na mzee akasikia. Hata mshahara hakumtia mkononi. Mkwe hatiwi fedha kiganjani mbele za watu kama mwombaji. Ulikunjwa kwenye karatasi, Faquir akaupeleka, na mzee alikuwa ameshaondoka kabla wengine hawajakaa kwenye mkeka kuhesabiana.

Jumanne moja ya masika, Natália alishikwa na uchungu. Edmilson akaomba ruhusa aondoke mapema, akapewa. Siku ile zamu ya kufunika saruji ilikuwa yake. Stoo haikuwa na paa bado. Mifuko ilipangwa juu ya mbao, na kila jioni kibarua wa zamu aliifunika kwa turubai na kulikandamiza kwa mawe pande zote. Mzee Sualehe akamwambia kijana aende, atafunika yeye.

Akafunika. Tarique alikuwa anafunga kamba zake, akaona. Aliona turubai limekaa vizuri pande tatu, na pembe ya nne, ile inayotazama baharini, haina jiwe. Akasimama. Neno lilimfika kooni. Lakini utamwambiaje baba mkwe, "hukufunika vizuri"? Na kwenda kuweka jiwe mwenyewe, huku mzee yupo anapangusa mikono, kungekuwa kumsuta bila mdomo. Akajiambia mvua haitakuja. Akaaga kwa heshima zote, akaenda zake.

Mvua ikaja. Asubuhi turubai lilikuwa limegeuka kama tanga, na mifuko miwili imelowa hadi ndani, imeshaanza kushikamana. Bi Zainabo akaigonga kwa kidole, akasema bei yake wanaijua: mia sita na hamsini kila mmoja. Hakupiga kelele. Patroa anayejua kukata hana haja ya kelele. Mzee alikuwa kisimani na ndoo wakati ule. Aliporudi mifuko ilikuwa imeshatupwa nyuma, na hakuna aliyemwambia kitu.

Jumamosi Bi Zainabo alimpa Tarique fedha za wiki, siku sita za watu wanne, umestre wake ndani, elfu moja na mia tatu za saruji zimeshatoka. Mzee akachukua karatasi yake kwa mkono wa Faquir, akaondoka. Waliobaki wakakaa kwenye mkeka.

Hapo Tarique alikuwa na njia tatu, na alizijua zote. Angeweza kusema ukweli, mzee akatwe. Angeweza kusema sisi sote tumeharibu, tugawane. Na angeweza kutoa umestre wake. Wiki ile umestre ulikuwa elfu moja na mia mbili. Angeongeza noti moja tu ya mia, saruji imelipwa, na mkwe wake hajui na hatajua. Kwani umestre ni wa nini kama si wa siku kama ile? Lakini zile elfu moja na mia mbili zilikuwa zimeshakuwa mabati kichwani mwake. Alikuwa amemwahidi Alima mabati.

Akakohoa, akasema zamu ya Jumanne ilikuwa ya Edmilson.

Edmilson aliinua macho. Alimtazama mestre, kisha akatazama mahali mzee alipopitia kuondoka, kisha akatazama mkeka. Faquir akajishughulisha na kucha zake. Mia moja za maji na waya, elfu moja na mia tatu za saruji. Katika elfu moja na mia nane za jasho la siku sita zilibaki mia nne. Tarique alizisukuma mbele yake kwa ncha za vidole.

"Está bem, mestre, sawa," Edmilson alisema. Akazikunja, akaondoka. Nyumbani alikuwa na mtoto wa siku nne.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tarique aliubeba mzigo wa Edmilson mpaka dukani, akanunua mabati, wala hakuona uzito. Aibu ilimjia baadaye kidogo kidogo, Jumapili, Alima alipomsifu mbele ya jirani kwamba mume wake mtu wa ahadi. Alitamani anyamaze. Chakula kilimkaa mdomoni. Alijiambia zamu ilikuwa ya kijana, sheria ni sheria, na kila alipojiambia hivyo aliiona ile pembe ya turubai, haina jiwe, na yeye amesimama anaitazama.

Jumatatu Edmilson hakuja. Mzee Sualehe alikuja akiwa amechelewa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Hakushika koleo. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipokuwa Tarique, akasimama mbele yake, karibu kuliko mkwe anavyosimama na mkwe.

Tarique akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimetoka kwa Edmilson. Nilikwenda kuwapa hongera ya mtoto, nikakuta wanapika uji mtupu. Nikamuuliza wiki ya kazi imekwenda wapi, hakusema. Nimemuuliza Faquir njiani, ndiye aliyesema." Mzee akavuta pumzi. "Turubai nilifunika mimi. Uliniona?"

Faquir aliacha kuchanganya. Bi Zainabo alikuwa mlangoni na mwavuli wake. Tarique angetoa mabati yote ya Palma asiulizwe swali lile mbele ya watu.

"Nilikuona, baba."

"Uliona nimekosea?"

"Niliona."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Macho yake yalikuwa mekundu, sauti yake ya chini.

"Nilirudi kwa kijana nikampa mshahara wangu, akaukataa. Kasema alijua siku ile ile pale mkekani ni mimi, akaona si vizuri mzee atajwe. Mtoto wa watu, hata dini hatuna moja. Sasa sikia, mwanangu. Wote wawili mmenisitiri. Yeye amenisitiri kwa jasho lake. Na wewe umenisitiri kwa jasho lake."

Kisha akachukua koleo, akaenda kwenye mchanga.

Tarique alihisi masikio yanawaka. Akaacha timazi ya kupimia ukuta ikining'inia, akapita mbele ya patroa bila kuomba ruhusa, akaenda nyumbani, akatoa elfu moja na mia tatu katika fedha yake iliyobaki, akazipeleka nyuma ya soko. Edmilson alikuwa nje anafua nguo za mtoto. Natália, ndani, alimsikia ni nani, akamshukuru kwa sauti dhaifu kwa kumpa mumewe ruhusa siku ile ya uchungu, Mungu ambariki. Hakuwa ameambiwa neno. Tarique alisimama na fedha mkononi, hajui aziweke wapi na uso wake autazamishe wapi.

Edmilson akajifuta mikono, akazipokea, akazihesabu mbele yake, noti moja moja. Alikuwa hajawahi kuhesabu fedha aliyopewa na mestre. "Obrigado," alishukuru. Tarique akamwomba radhi, akamwomba arudi kazini. Edmilson akasema atarudi, kazi anaihitaji. "Lakini nataka mshahara wangu nipewe na mkono wa patroa."

Hilo tu. Faquir, aliposikia, akasema na yeye vivyo hivyo, kwa kuwa pale mkekani alikuwa ameona na akanyamaza, hataki kunyamaza tena. Siku ya malipo ilipofika mzee Sualehe hakuondoka mapema, alikaa mkekani pamoja na wenzake, miguu ameikunja, akisubiri kuitwa jina.

Bi Zainabo aliwalipa yeye mwenyewe, mmoja mmoja. Maji na waya alikata kwa kila mtu kama desturi, akamrudishia Tarique alizotoa. Mzee akatoa katika zake elfu moja na mia tatu, akaziweka mbele ya Tarique kwa mkono wa kulia, deni la saruji, na Tarique hakuthubutu kuzikataa wala kuzigusa. Zilikaa pale mpaka Faquir akamwambia polepole azichukue, azidi kumdhalilisha mzee kwa nini.

Mwisho patroa akahesabu mia mbili mara sita, akazisukuma kwake peke yake. Mapatano ni mapatano, alisema, umestre ni wako. Tarique akaupokea umestre wake mbele ya watu watatu, na kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyekubali tena kuhesabiwa fedha naye.