Shavu la Felisita

Mwamapalala nzima ilijua kwamba ukitaka dume lako lifunzwe kulima, unalipeleka kwa Felisita. Wapo wanaume waliocheka waliposikia mwanamke anafunza maksai, lakini walicheka mara moja tu, kabla hawajamwona akiwa shambani. Hakuwa na fimbo ndefu wala makelele. Alikuwa na sauti. Akiita, dume lililokuwa limeangusha vijana watatu asubuhi lilisimama, likageuza masikio, likaingia kwenye nira kama mgeni anayekaribishwa ndani. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, akaendelea nayo alipoolewa, na mume wake alipofariki ndiyo iliyomlisha yeye na mwanawe Paschal.

Doa lilianza shavuni kushoto, karibu na sikio, dogo kama punje ya choroko. Halikuuma wala kuwasha. Likakaa mwaka mzima kama vile limesahau kukua, kisha likasogea kidogo, na mwaka uliofuata kidogo tena. Lilikuwa jekundu lenye uhudhurungi, limeinuka pembeni, na katikati liliacha ngozi nyembamba yenye makunyanzi kama karatasi iliyolowa ikakauka.

Duka la dawa walimwambia ni fangasi. Akapaka mafuta, akabadilisha mafuta, akanywa na vidonge vya fangasi. Doa likaendelea na safari yake. Baadaye, kwenye zahanati moja ya mjini, mganga alimtazama kwa makini akamwambia huenda ni lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe. Akampa vidonge vya kutuliza kinga. Wiki za kwanza wekundu ulipungua, Felisita akashukuru Mungu. Kisha doa likarudi kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona. Likafika chini ya jicho, na ndewe ya sikio ikaanza kulika. Walimpunguzia dawa hizo taratibu mpaka akaziacha, na kuanzia hapo hakwenda tena kokote. Alijifunga kitenge kichwani akakishusha hadi shavuni.

"Nimeonyesha uso wangu kwa watu vya kutosha," alimwambia Flora, mke wa Paschal. "Sasa basi."

Lakini kitenge hakizuii midomo. Maneno yalianza kwenye mnada wa ng'ombe, yakaja mpaka mlangoni. Maganga, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja jioni moja kabla ya msimu wa kilimo. Akasimama uani bila kuketi.

"Shemeji, nimekuja kuchukua yale madume yangu mawili."

"Hayajaiva, Maganga. Moja bado linaogopa jembe."

"Yataivia kwangu." Akatazama pembeni. "Watu wanasema huo ni ukoma. Mimi sijasema. Ila nina watoto wadogo nyumbani."

Felisita angeweza kumkumbusha nani alimfunzia maksai wake wa kwanza. Badala yake alikwenda zizini mwenyewe, akayafungua madume yale, akayatoa nje taratibu huku akiyasemesha, akamkabidhi kamba mkononi.

"Hili jeusi usilipige," alisema. "Ukilipiga litakuwa adui yako maisha yote."

Maganga alipoondoka, Felisita aliketi juu ya nira iliyolala uani. Flora akaja akaketi kando yake.

"Mayu," Flora alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "kama ni ukoma, una dawa. Kama si ukoma, kwa nini ukae kimya? Wewe hujawahi kumwogopa ng'ombe. Unamwogopa daktari?"

Felisita alimgeukia kwa ukali. Kisha, bila kutegemea, akacheka. Hakuna mtu aliyewahi kumsemesha vile tangu mume wake afariki.

Wakapanda pikipiki alfajiri, wote wawili nyuma ya kijana mmoja, mpaka hospitali ya Somanda. Hapo waliambiwa wana bahati, daktari wa ngozi anayezungukia mkoa yupo wiki hiyo. Aliitwa Danford, mtu mrefu mwenye sauti ya chini.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma chenye lafudhi ya watu wa mbali.

"Mwangaluka, baba." Felisita akaketi, akafungua kitenge. Hakuinamisha macho. Kama ni kutazamwa, atatazamwa akiwa amekaa wima.

Danford hakushtuka wala hakuvuta kiti nyuma. Alichukua uzi wa pamba, akamwomba afumbe macho aseme kila anapoguswa. Felisita alisema kila mara, shavuni, ukingoni, mpaka katikati ya doa.

"Ukoma huua hisia za ngozi," Danford alisema. "Wewe unahisi pamba. Pia nimepapasa mishipa yako ya fahamu, haijavimba. Sidhani kama ni ukoma."

Flora alimshika mama mkwe wake begani.

Kisha daktari akachukua kipande cha kioo chembamba, kile wanachowekea damu kwenye hadubini, akakibandika ukingoni mwa doa na kukikandamiza. Wekundu ulififia, damu ikiwa imesukumwa pembeni. Alitazama kwa muda, akawasha taa ya simu, akatazama tena. Akaomba ruhusa, akapiga picha, akamwonyesha.

"Unaona hivi vidoadoa vilivyobaki chini ya kioo? Kwenye ngozi nyeusi kama zetu si rahisi kuviona, lakini vipo. Vitabu vinasema vina rangi ya jeli ya tufaha."

"Tufaha nalijua kwa jina," Felisita alisema. Akaisogeza simu karibu na macho. "Hii ni gundi ya mgunga. Ile inayochuruzika kwenye gome ikakauka. Ukiiinua juani inang'aa hivi hivi."

Danford alitazama picha tena. "Kweli kabisa," alisema, akatabasamu. "Sasa niambie, mayu. Hili kovu la shingoni lilitoka wapi?"

Felisita aligusa shingo. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alipokuwa msichana alivimba mitoki chini ya taya, ikapasuka, ikatoa usaha kwa miezi, kisha ikapona yenyewe. Bibi yake aliifunga majani.

"Na maziwa mlikuwa mnayanywaje?"

"Ya moto kutoka kwenye titi la ng'ombe. Nani alikuwa anachemsha?"

Danford akaweka kalamu chini. "Nadhani una kifua kikuu cha ngozi."

"Kifua kikuu? Mimi sikohoi!"

"Hukohoi, na huenda mapafu yako ni mazima. Tutayapima. Lakini vijidudu vyake vinaweza kukaa kwenye mitoki, kwenye mfupa, hata kwenye ngozi. Hujificha miaka mingi, kisha hutembea polepole kama ulivyoona. Waliokuambia fangasi au lupasi hawakuwa wajinga, yanafanana sana. Ila zile dawa za kutuliza kinga zilikuwa kama kumfunga mbwa wa mlinzi wakati mwizi yuko ndani."

Alitaka kukata kipande cha ngozi. Felisita alikaza taya.

"Umekuja kuniongezea shimo usoni?"

"Kidogo kama punje ya mchele, karibu na sikio, kwa sindano ya ganzi. Bila hicho nitakuwa nakisia, na wewe umeshakisiwa vya kutosha."

Hilo lilimwingia. Aligeuza shavu. "Kata."

Picha ya kifua ilikuwa safi. Makohozi hayakuwa na kitu. Kipimo cha virusi vya ukimwi hakikuonyesha maambukizi. Mahali walipomchoma mkononi sindano ya kupima kifua kikuu palivimba, pakawa pagumu na papana. Kipande kimoja cha ngozi kilipimwa kwa mashine hapo hapo, kisionekane kijidudu. Kingine kilipelekwa Mwanza.

Zile wiki za kungoja zilikuwa ndefu kuliko miaka yote ya doa. Mvua zikaanza. Mashamba ya jirani yalilimwa, naye zizini mwake alikuwa na maksai wake wawili tu. Alilima pamba yake mwenyewe bila kitenge usoni, Flora akiwa mbele na kamba. Wapita njia walitazama. Aliwasalimia kwa majina.

Majibu yalipofika, Danford aliwaeleza polepole. Vijidudu vyenyewe havikuonekana hata kwenye hadubini ya Mwanza, na hilo halikumshangaza, kwa sababu ngozini huwa vichache mno. Kilichoonekana ni vile vivimbe vidogo ambavyo mwili huvijenga kuzingira vijidudu. Ukiunganisha na kovu la shingoni, na mkono uliovimba, na gundi ya mgunga chini ya kioo, hakuwa na shaka ya kumzuia kumwanzishia Felisita dawa. Akaongeza kwamba dawa zenyewe zitakuwa shahidi: doa likianza kushuka mapema, wamepatia.

Dawa hazikuwa na malipo. Miezi sita, kila siku, bila kuruka, Flora akimshuhudia anameza. Siku ya kwanza Felisita alipotoka chooni akiwa na hofu, Flora alikuwa anamngoja mlangoni.

"Mkojo ni wa rangi ya chungwa, siyo? Walisema. Ni dawa, mayu."

"Wangesema kwa sauti zaidi," Felisita alijibu, na wote wakacheka.

Kulikuwa na siku za kichefuchefu, na viungo vilivyouma akiamka. Aliapa mara mbili kuacha, na mara mbili akameza. Halafu asubuhi moja, kabla hata mwezi wa pili haujaisha, alipitisha kidole ukingoni mwa doa na hakukuta ukingo. Ulikuwa umelala. Aliita nyumba nzima waje waguse. Paschal aligusa, akatoka nje haraka ili mama yake asimwone machozi.

Kovu lilibaki. Ndewe ya sikio haikurudi, na ngozi ya shavu ilikuwa imevutwa kidogo chini ya jicho. Danford alimwambia hivyo ndivyo uso wake utakavyokuwa, na kwamba akiona kivimbe kipya ndani ya kovu arudi siku hiyo hiyo.

"Huu ni uso wangu," Felisita alisema. "Nimeulipia."

Alipomaliza dawa, Maganga alikuja, safari hii akaketi. Alikuwa na bandeji kwenye goti. Lile dume jeusi lilikuwa limemburuta.

"Ulilipiga," Felisita alisema.

"Nililipiga." Akainama. "Shemeji, nilikukosea."

"Lilete," Felisita alisema. "Litachukua muda kusahau mkono wako. Na maziwa ya wanao, je, unachemsha?"

Mwezi wa nane, kwenye uwanja wa maonyesho ya wakulima Nyakabindi, palikuwa na shindano la kulima kwa maksai. Felisita aliingia akiwa mwanamke pekee, kichwa wazi, nywele amezisuka nyuma ili sikio lake lionekane. Mtangazaji alilitaja jina lake na kijiji chake, na kutoka upande wa watu wa Mwamapalala ukapanda mluzi, kisha vigelegele vya Flora vikiongoza. Dume jeusi lilikuwa kulia. Aliliita kwa sauti ileile ya chini, plau ikashika ardhi, na mfereji ukanyooka nyuma yake kama umechorwa.

Alishinda. Lakini kilichomkaa moyoni kilitokea baadaye, akiwa anawanywesha maji ng'ombe wake. Mwanamke kutoka Mwanhuzi alimkaribia, akavuta gauni la binti yake mdogo juu ya goti. Pajani palikuwa na doa jekundu lenye uhudhurungi, limeinuka pembeni.

"Wanasema ni fangasi," mama yule alisema kwa sauti ya chini. "Nimesikia habari zako."

Felisita alichuchumaa mbele ya mtoto. "Mimi si daktari, huenda ni fangasi kweli," alisema. "Lakini ninajua mlango wa kubisha hodi. Na wewe, mwanangu, unaitwa nani?"

"Kija," mtoto akajibu, akiwa ameshaunyoosha mkono kugusa shavu lake. Felisita akamwachia aguse.