Chumba Chenye Mlango Wake

Fundi na Mwalimu hawakuwahi kukaa fungate. Walipooana, mume alikuwa seremala mwenye randa moja na msumeno wa kuazima, mke akifundisha darasa la pili, na nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kwa mama yake Fundi, kilichotengwa na chumba cha mama kwa ukuta wa mbao nyembamba. Mama akikohoa, walidhani yumo kitandani mwao.

"Mwakani nitakupeleka mahali," Fundi alimnong'oneza mkewe usiku ule wa kwanza.

Mwakani kukawa na mimba. Mwaka uliofuata paa likavuja, halafu zikaja ada za shule. Ahadi ikawa mzaha wa nyumbani, na mzaha ukizeeka huacha kuchekesha.

Miaka miwili kabla ya kutimiza ishirini ya ndoa, walifungua akaunti ya pamoja ambayo haikutoa kitu bila sahihi zote mbili. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja aliweka chake. Kisha Mwalimu akaoga siku moja, akagusa uvimbe kama punje ya mahindi. Hospitali wakamkata titi la kushoto, na dawa zilizofuata zikamnyonyoa nywele. Nusu ya akiba ilikwenda huko. Nywele ziliporudi, Fundi alisema, "Kilichobaki hakiguswi. Hiki ni cha safari."

Ndipo wakaenda kwa wakala wa safari, ofisi ndogo juu ya duka la dawa. Msichana wa mezani aliwauliza tarehe, watu wangapi, na wamekusudia kutumia kiasi gani. Mwalimu alitaja kiasi chenyewe bila kuficha. Msichana akatikisa kichwa polepole, si kwa dharau, akageuza kompyuta wapate kuona.

"Kuna hoteli hii kando ya ziwa. Kwa bajeti yenu mnapata siku nne, kifungua kinywa na chakula cha jioni humo humo. Mkija na cheti cha ndoa wanawapambia chumba, wanawapa keki, na nyote wawili mnakandwa mwili bure. Bwawa la kuogelea lipo."

"Siku nne!" Fundi alisema, uso umemchanua.

"Bafu liko ndani?" Mwalimu aliuliza.

"Ndani, mama."

"Na vyumba vimeshikana?"

"Vimeshikana, ndiyo. Zipo nyumba ndogo zilizojitenga kule bustanini, kila moja na kibaraza chake, lakini bei ni karibu maradufu. Na siku yenu ya ndoa imeangukia Jumamosi, wikendi ni ghali zaidi. Mkienda Jumapili mkarudi Jumanne, mtaimudu moja kwa siku mbili. Chakula mtaletewa kibarazani, ila hakuna keki wala kukandwa."

"Siku mbili tu?" Fundi alicheka. "Tutakuwa hatujamaliza hata kufungua mabegi."

Mwalimu hakucheka. Msichana aliwaambia nafasi itashikwa kwa siku tatu. Baada ya hapo walipe theluthi moja ya bei kama malipo ya awali, na wakighairi wiki mbili za mwisho kabla ya safari haitarudishwa. Wakaondoka na namba yake ya simu.

Jioni wifi yake Mwalimu alifika, dada mdogo wa Fundi, mwanamke wa mikono mipana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alikwishasikia.

"Kaka, sisi tupo kwa ajili gani? Ukoo tutachanga. Chumba tutawalipia, na Jumamosi yenyewe tunakuja wote, tunakula pamoja huko huko hotelini. Wifi yangu amepona, hilo nalo si la kushukuru?"

Fundi alifurahi hadi akasimama. Mwalimu alisema amechoka, akaingia ndani, akafunga mlango. Wifi akamtazama kaka yake. "Nimekosea nini?"

"Hujakosea," Fundi alisema, ingawa hakuwa na hakika.

Siku ya pili Mwalimu alimfuata kazini baada ya vipindi. Karakana ilinuka gundi na vumbi la mninga. Fundi alikuwa akisugua mlango wa kabati kwa msasa. Alipomwona aliacha, akampangusia kigoda.

"Fundi, sitaki ukoo. Sitaki kukandwa wala bwawa. Nataka ile nyumba ya bustanini."

"Kwa siku mbili? Tunaacha siku nne, tunaacha mchango wa watu, kwa sababu ya kibaraza? Dada ataona tunajidai."

"Mara ya mwisho uliuona mwili wangu lini?"

Nyumbani walikuwa sita: watoto watatu, mama mzee, na wao. Mwalimu alioga wa mwisho, akitoka amekwisha kujifunga hadi shingoni. Akivua nguo, taa alikwisha kuizima.

"Hata wewe hujaomba kuona," alisema. "Tangu nitoke hospitali unalala umeelekea ukutani. Nami nikasema moyoni, sawa, mtu hawezi kulazimishwa kupenda kovu."

"Mama wee!" Fundi aliketi juu ya rundo la mbao. "Daktari alisema mkono ule usigongwe. Mimi usingizini narusha mikono kama mtu anayezama, wewe mwenyewe unajua. Nikageukia ukuta nisikuumize. Halafu ulipopona nikaogopa kugeuka. Nikadhani wewe ndiye usiyenitaka."

Mwalimu aliangalia mikono yake iliyojaa chaki. "Mwaka mzima."

"Mwaka mzima, mke wangu."

Hawakukumbatiana; fundi mwenzake alikuwa nje akipaka vanishi na angeweza kuingia wakati wowote. Fundi alitoa simu, akampigia msichana wa wakala. "Ile nyumba ndogo, binti. Jumapili hadi Jumanne." Kesho yake walikwenda wote wawili benki, wakatia sahihi.

Wifi hakulipokea vizuri. "Basi tumekuwa watu wa kukimbiwa," alisema, na Jumamosi, walipoadhimisha nyumbani miaka yao ishirini, hakutokea. Mama mzee peke yake ndiye aliyeweka mkono juu ya kichwa cha Mwalimu. "Nendeni. Nyumba hii haikuwapa nafasi hata mara moja."

Jumapili walifika hotelini mchana. Mhudumu aliwaonyesha swichi na maji ya moto, akaweka juu ya meza kibao cha kuning'iniza mlangoni wasipotaka kusumbuliwa, akaenda zake. Mwalimu alikining'iniza nje, akafunga mlango, akajaribu kitasa mara mbili. Pazia hakulivuta. Nje kulikuwa na nyasi tu, na ua mrefu wa miti.

"Kaa pale," alimwambia mumewe.

Alifungua vifungo vya blauzi kimoja kimoja, akasimama mbele ya mwanga. Kovu lilianzia katikati ya kifua hadi chini ya kwapa, limejikunja mahali pamoja kama mshono wa mwanafunzi.

Fundi alitazama. Hakusema ni zuri. Angesema hivyo, Mwalimu asingemsadiki tena. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta.

"Linauma?"

"Baridi ikiwa kali."

"Naweza kugusa?"

Aliitikia kwa kichwa. Kiganja cha seremala ni kigumu, na alikiweka pole pole, kama mtu anayepima joto la paji la mtoto. Mwalimu alishusha pumzi ndefu aliyokuwa ameibana tangu siku ya upasuaji. Kisha akalia, naye Fundi akamshika.

Mwezi uliofuata ulikuwa na kipimo kingine hospitali, na wote wawili walijua. Hawakukizungumzia. Chakula kilipoletwa, mhudumu alikiacha kibarazani, kikapoa chini ya mfuniko wake. Mwalimu alikuwa amelala, blauzi ingali kitini, na mumewe amemgeukia.