Usitie Sahihi Yako Chini ya Yangu

Elisabethville, Katuba, Jumamosi, tarehe 2 Septemba 1961

Mwanangu Kapinga,

Barua hii inakuja mkononi mwa Paulin, yule fundi wa treni tunayesali naye parokia moja, kwa sababu posta siiamini tena. Nimeiandika mwenyewe, bila kumwomba mtu. Kabla ya salamu, soma jambo hili: ikiwa Bwana Floribert amefika hapo Jadotville na karatasi ya kazi ya Kilwa, usitie sahihi. Ikiwa yuko barazani anakusubiri, mwambie Sista Edith wa shule yenu kwamba unaumwa, kisha urudi usome yaliyobaki.

Utaliona jina langu juu ya karatasi hiyo. Ni kweli ni mimi niliyeliandika. Kosa ni langu, nami nitakueleza lilivyotokea.

Jumatatu asubuhi Floribert alikuja nyumbani akiwa amevaa tai. Unamjua: ndiye karani aliyekuwa akitusomea majina ya wafu siku ya Watakatifu Wote. Sasa anatafuta wafanyakazi kwa niaba ya kampuni moja ya samaki na malori. Alisema kampuni imejenga chumba cha kuzalishia wake za wafanyakazi, kule Kilwa kando ya ziwa, na kwamba wamesikia umepata brevet yako, cheti cha ukunga, mwezi wa Julai.

"Mama Kapinga," akasema, "mutoto yako iko na bahati. Benzake bote banangojea, yeye kazi inamufuata mpaka ku nyumba!"

Nikamwuliza kwa nini amekuja kwangu na si kwako. Akanijibu kwamba hujatimiza miaka ishirini na mmoja, kwa hiyo mzazi lazima akubali kwanza. Baba yako yuko kaburini, na mjomba wako Émile alipanda treni ya kurudi Kasai tangu mwezi wa sita. Nimebaki mimi. Akafungua kidau cha wino wa kidole gumba.

Hapo ndipo nilipoharibu, mwanangu. Niliona ule wino nikakasirika. Nikamwambia, "Ondoa ile kintu yako. Miye najua kuandika."

Akacheka. "Kweli, Mama? Basi tuone!"

Nikaandika. Kalonji Madeleine, herufi zote, nayo K yenye mkia kama tulivyofundishwa. Akaishika karatasi mbele ya mwanga, akasema hata wazungu wa ofisini kwake hawaandiki hivyo. Nilifurahi kama mjinga. Miaka miwili nimekwenda kwenye foyer, darasa la akina mama, kila alasiri na kitambaa changu cha kushona na kibao changu cha kuandikia, na huyo alikuwa mtu wa kwanza nje ya darasa aliyeliona jina langu. Sikusoma hata mstari mmoja. Baba yako, alipoajiriwa, alitia kidole juu ya maneno asiyoweza kuyasoma. Mimi nimeandika jina chini ya maneno niliyoweza kuyasoma. Ni nani kati yetu aliyekosa zaidi?

Aliniachia nakala ya kaboni. Siku iliyofuata niliipeleka darasani ili nijisifu. Madame Dominique, mwalimu wetu, hakunisifu. Alisema, "Vema, Mama Madeleine. Sasa utusomee."

Nikasoma kwa kidole, Kifaransa kile kizito, naye akinieleza neno nisilolijua. Wenzangu walianza kwa kunitania kama mpiga taipu wa ofisini: "Soma polepole, Mama Dactylo, tusikose kusikia mushahara!" Kisha wakaacha kushona, wakasogea karibu. Muda ni miaka mitatu. Kazi ni uuguzi "na kazi nyingine zote atakazoagizwa". Mahali ni Kilwa "au popote mwajiri atakapoona inafaa". Malazi ni katika nyumba ya mwajiri. Brevet yenyewe, si nakala, pamoja na kadi yako ya utambulisho, vitabaki mikononi mwa kampuni hadi mkataba uishe. Ukiondoka kabla, safari ya kurudi ni juu yako. Chumba cha kuzalishia hakikutajwa popote. Nilirudia kurasa zote mbili mara tatu.

Kapinga, unajua siku hizi zilivyo kwetu sisi wa Kasai humu Katanga, tunavyofukuzwa. Jumatano mchana, jua likiwaka, vijana walisimama kwenye njia ya kwenda sokoni wakidai kadi. Mulenga, jirani yetu muuza mihogo, alikuwa mbele yangu. Walimwacha apite. Mimi walisoma neno Kasai kwenye kadi yangu, wakaniuliza ninangoja nini hapa. Nilijibu kwamba ninangoja maharage yaive. Mmoja akacheka, na kicheko chake ndicho kilichoniokoa. Nyumba ya mkabala imeng'olewa mabati yote na wenyewe wamekimbilia kambini, karibu na askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa. Kadi yetu inatutia hatarini, ni kweli. Lakini msichana asiye na kadi kabisa, katika barabara ile mbaya ya Kilwa, kati ya vizuizi vya watu wenye bunduki, atasema yeye ni nani, na nani atamwamini? Na akiombwa kulala mahali asipotaka, atakwenda wapi?

Alhamisi nilikwenda kwa Floribert nikamwomba anirudishie karatasi. Hakuniruhusu kukaa.

"Mama, jina iko pale. Hukulazimishwa."

"Mutoto hajaandika," nikamwambia.

"Ataandika. Akiona mukono ya mama yake, atakataa namna gani?" Kisha akashusha sauti: "Na ninyi Bakasai, mulipashwa kunishukuru. Nani mwingine atabatafutia kazi mwaka huu?"

Nikaondoka. Neno lake la mwisho linanitisha kuliko mengine, kwa sababu nusu yake ni kweli, na najua nawe utalifikiri.

Madame Dominique amenihakikishia kwamba ruhusa yangu peke yake si mkataba. Pasipo sahihi yako hakuna kazi wala deni. Kwa hiyo nimeandika karatasi nyingine, iliyo ndani ya bahasha hii, nikisema kwamba mimi Kalonji Madeleine ninaiondoa ruhusa yangu. Yeye ametia sahihi kama shahidi. Mpe Sista Edith kabla Floribert hajaketi. Brevet yako na kadi yako zikae mwilini mwako, si sandukuni.

Sikukatazi kufanya kazi. Sista Edith alisema huenda mwezi wa kumi akakuchukua katika matariniti yao ya kuzalishia, kwa malipo madogo, ukilala kwa masista. Huenda asikuchukue. Huenda ukangoja hadi Noeli, ukifua nguo za wengine na brevet yako ikiwa kifuani. Ngoja. Kazi yoyote ikija, uliza utalala wapi, nani atashika karatasi zako, utarudije; omba kuisoma kwa siku mbili. Anayekunyima siku mbili amekwisha kukujibu.

Kesho baada ya misa nitakwenda kambini na godoro na sufuria. Usije kunitafuta. Paulin atajua nilipo, naye ataniletea jibu lako. Neno moja linatosha, "Sikuandika", nami nitaweza kulala. Kama umekwisha kuandika, niambie pia, usinifiche. Nitakuja kwa miguu.

Floribert alikuwa na karatasi nyingine mbili za namna hiyo mkobani, zenye majina ya Hortense na Virginie wa darasa lenu. Mama zao hawajui kusoma. Watatia vidole, au wamekwisha kutia. Ukimaliza barua hii usiichome. Wasomee wote wawili, polepole, kisha wape waipeleke kwa msichana mwingine yeyote anayengoja kazi.

Mama yako,
Kalonji Madeleine