Miezi Miwili ya Kutambaa

Luciana alikuwa na sifa mbili pale kijijini: jembe lake halikupumzika, na ulimi wake ulilishinda jembe. Walipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, huku nyumba zikiwa bado zanuka udongo mbichi, yeye ndiye aliyechaguliwa kuongoza kikundi cha wanawake katika shamba la pamoja. Hakuna aliyeshangaa. Mwanamke ambaye alizaa watoto sita na kupalilia mtama mpaka siku ya uchungu, nani angemfundisha kazi?

Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi hata akaliamini.

Palizi la mwaka ule lilimkuta mkamwana wake Anastazia akiwa na mimba ya miezi saba. Mumewe Antipasi, mtoto wa tatu wa Luciana, alikuwa ameenda na wenzake kuchimba lambo la mifugo, siku mbili kwa miguu. Nyumbani wakabaki watatu: Luciana, mumewe mzee Alute, na huyo binti ambaye mwendo wake ulikuwa umeanza kuwa wa bata.

Kila asubuhi trela la trekta lilikuja kuwachukua wanawake. Wenzake walirusha mguu mmoja juu, wakajivuta, wakakaa. Anastazia alishika ukingo wa trela, akainua mguu kidogo, akaurudisha chini huku uso umemkunjamana. Siku ya kwanza walimvuta kwa mikono. Siku ya tatu wakaanza kuchekeana pembeni. Shambani alipalilia mistari miwili, akainuka, akajishika kiuno, akainama tena, akainuka tena. Mwisho akaenda kukaa kwenye tuta.

"Mama, inaniuma hapa," alisema, akigusa juu ya makalio, kushoto na kulia. Kisha kwa aibu akashusha mkono mbele, kwenye mfupa wa kinena. "Na hapa. Nikitanua miguu ni kama nachanwa. Hata kugeuka kitandani siwezi."

"Mtoto amekaa vibaya kwa sababu na wewe umezoea kukaa," Luciana alimjibu. "Mimba haitaki kubembelezwa. Anayelala sana huzaa kwa shida."

Hakuwa mkatili. Jioni ile alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga khanga tumboni, juu na kwa nguvu, ili tumbo lipande. Anastazia akashindwa hata kupumua vizuri. Asubuhi Luciana akampa debe la maji abebe kichwani, kwa imani kwamba mzigo wa kichwani hunyoosha mgongo. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na hapo ndipo ubaya wote ulipopita.

Jumatano, Philipo, katibu wa kijiji, alipita kukusanya majina ya wategaji wa kazi. Desturi ilikuwa wazi: Jumapili baada ya ibada mkutano unakaa, majina yanasomwa mbele ya wote, na kila mtegaji anapewa nusu eka aipalilie peke yake, jua liwake lisiwake. Wenyewe waliwaita kupe, wanaonyonya jasho la wenzao.

Luciana alitaja majina mawili. Wanawake waliokuwa karibu wakamtazama, na yeye akajua vizuri wanangoja nini.

"Andika na Anastazia," alisema.

Philipo aliinua kalamu. "Mkamwana wako? Si ana mimba?"

"Mimba si ugonjwa. Andika. Kesho wasije wakasema Luciana anawapimia wenzake kazi kwa ndoo na wa kwake kwa kikombe."

Kalamu ikaandika. Luciana aliondoka akiwa amejivuna. Alijiona mtu wa haki.

Kesho yake, Alhamisi, nesi Elina alifika kwa baiskeli, kama alivyofika kila baada ya wiki mbili, akafungua kliniki katika chumba cha ofisi ya chama. Luciana alimpeleka Anastazia mwenyewe. Moyoni alitaka nesi naye amwambie aache uvivu.

"Shikamoo mama," Elina alisalimia.

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa wa kukaa."

Elina alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka alipoona binti anavyoingia kwa hatua fupi fupi. Akamwuliza maswali mengi. Maumivu yanakuja na kuondoka kwa vipindi, kama ya uchungu? Hapana. Damu? Maji yamevuja? Mkojo unachoma? Homa? Miguu imekufa ganzi, au mkojo unatoka bila kujua? Yote hapana. Akampima mkojo, akampapasa tumbo, akasikiliza mtoto kwa kile kipembe chake cha mbao.

"Mtoto yupo sawa, kichwa chini. Hajakaa vibaya, mama." Kisha akamwambia Anastazia, aliyelala chali pale mezani, "Nyoosha miguu. Inua wa kulia, usiukunje."

Anastazia alijaribu. Kisigino kilinyanyuka kidogo tu, akatoa sauti kupitia meno, kikaanguka.

Luciana akabetua mdomo. Si ndiyo yale yale ya kwenye trela?

"Mama, sogea," Elina alisema. "Weka mikono yako hapa, huku na huku kwenye nyonga. Sasa zibane, kama unayeshika gunia lisipasuke. Anastazia, inua tena."

Mguu ukapanda. Ulipanda juu, taratibu na bila kutetemeka, na Anastazia mwenyewe akautazama kama mguu wa mtu mwingine.

Luciana aliachia mikono. Mguu ukaanguka. Akabana tena bila kuambiwa, mguu ukapanda. Alirudia mara tatu, mpaka Elina akamwambia sasa inatosha.

"Uvivu hauponi kwa kubanwa nyonga, mama," Elina alisema kwa upole. "Unajua kamba za ngozi mnazofungia miti ya zizi? Zikilowa mvua zinafanyaje?"

"Zinalegea. Miti inacheza."

"Basi mifupa ya nyonga imefungwa kwa kano, huku nyuma mahali pawili na hapa mbele mahali pamoja. Mimba ikiingia, mwili wenyewe unamwaga dawa kwenye damu inayolainisha kano, ili siku ya kuzaa njia ipate kutanuka. Ni jambo jema. Ila zikilegea, mifupa inachezacheza, na akisimama kwa mguu mmoja au akitanua miguu, uzito wote unavuta upande mmoja. Ndiyo maana trela linamshinda. Wengine hawasikii kitu. Wengine wanaumia hivi."

"Na mgongo?"

Elina aliangaza macho chumbani, akaona kimfuko cha mtama cha mtu aliyeacha mzigo pembeni. Akakifunga kwa khanga tumboni kwa Luciana, wanawake waliokuwa wakingoja mlangoni wakaangua kicheko. "Simama hivyo hivyo. Usikiguse."

Luciana alisimama. Kabla ya kujua, mabega yalikuwa yamerudi nyuma na kiuno kimeingia ndani, maana asingefanya hivyo angeanguka kifudifudi. Muda si mrefu nyama za kiuno zikaanza kuwaka.

"Umesimama dakika chache," Elina alisema. "Yeye anakibeba mchana na usiku, tumbo lake limetanuka halina nguvu ya kumsaidia mgongo, nawe umemwongezea debe kichwani. Halafu ainame na jembe."

Lakini Luciana alikuwa ameacha kusikiliza. Ule moto wa kiunoni aliufahamu. Alikuwa ameusahau kwa makusudi miaka ishirini na sita, na sasa ulikuwa umerudi kumsalimia.

Mimba ya Antipasi. Miezi miwili ya mwisho alitambaa. Mama mkwe wake alipotoka kwenda kisimani, yeye alishuka chini kwa magoti na viganja, akatambaa kutoka kitandani hadi jikoni, akawasha moto, akajishikilia ukutani kuinuka kabla mtu hajarudi. Mumewe Alute alipoona magoti yalivyochubuka, Luciana alimwambia ni kupiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Aliogopa kuitwa mvivu. Akazaa, kano zikakaza polepole kama kamba zinavyokauka, na hadithi ya jembe mpaka siku ya uchungu ikaota juu ya kovu.

Alifungua kile kimfuko. Aliona aibu, tena aibu kali.

Elina alimwonyesha namna ya kufunga khanga: chini kabisa, kuzunguka nyonga, si juu ya tumbo. Alale ubavu na nguo iliyokunjwa katikati ya magoti. Akigeuka, magoti yawe pamoja. Avae nguo akiwa amekaa, asipande trela, mzigo mzito auache. "Ila asilale siku nzima. Atembee kidogo, afanye kazi ya kukaa, abadilishe mkao. Akizaa, kano zitakaza zenyewe, kwa wiki au miezi. Kikija kile nilichouliza, damu au homa au uchungu wa vipindi, mlete mbio."

Jumapili mkutano ulijaa. Wazee wa kiume walikaa mbele, Alute juu ya kigoda chake cha miguu mitatu, kigoda ambacho nyumbani hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Luciana alikuwa amemwendea Philipo asubuhi afute jina, Philipo akatikisa kichwa. Ulilitaja mbele ya watu, alimwambia, kalifutie mbele ya watu.

Majina mawili yalisomwa. La tatu lilipotoka, mtu nyuma akasema, "Kupe!" na watu wakacheka. Anastazia aliinamisha uso. Nusu eka ile ingemmaliza, na kila mtu pale angemwona akimalizwa akadhani anadeka.

Luciana akasimama. "Futeni hilo jina."

"Ahaa!" sauti ikadakia. "Kikombe cha kwake hicho!"

"Ni changu, ndiyo. Nilikosea kulitaja." Yeye aliyekuwa na maneno ya kuuza alitafuta moja tu. "Binti huyu si mtegaji. Kano za nyonga zake zimelegea kwa ajili ya mtoto. Nimezishika kwa mikono yangu hii. Na ninayajua maumivu yale, kwa sababu mimba ya Antipasi ilinipata hivyo hivyo. Nilitambaa. Miezi miwili, nikienda jikoni nilitambaa kama mtoto mchanga, nikawaficha. Tangu hapo nawadanganya. Kama yeye ni kupe, na mimi andikeni."

Kicheko kilikatika. Upande wa wanawake, bibi Martha, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akasema kwa sauti ya kujisemea, "Mimi nikiwa na mimba nilikuwa nakwenda kinyumenyume." Hakuna aliyemcheka.

Philipo alipiga mstari kwenye karatasi. Ikakubaliwa Anastazia akae ofisini, achague mbegu za msimu ujao.

Watu walipoanza kutawanyika, Alute alibaki amekaa akimtazama mkewe. Kisha akasimama taratibu, akabeba kigoda chake, akavuka uwanja mpaka upande wa wanawake, akakiweka chini mbele ya Luciana.

"Kwa hiyo halikuwa jiwe la kusagia," alisema.

"Halikuwa."

"Kaa."

Luciana alimwonyesha Anastazia kwa kidole. "Mpe huyu, ndiye anayeumwa."

"Huyu nitamchongea chake kesho," Alute alisema. "Wewe umengoja miaka ishirini na sita. Kaa."

Luciana akakaa.